Nyota 4.2 hazikuambii kama mahali patakufaa

Chukua msafiri anayetaka siku tano za utulivu: kuogelea asubuhi, kusoma kitabu mchana, kulala mapema. Amepata vijiji viwili vya ufukweni. Kila kimoja kina maoni 100 ya wageni mtandaoni na wastani wa nyota 4.2, naye anaona afadhali achague chenye nauli nafuu.

Dhana: Wastani ukilingana, mahali panalingana.

Ukweli: Wastani huficha jinsi kura zilivyogawanyika. Katika kijiji cha kwanza, watu 40 wametoa nyota tano, 45 nne, 12 tatu, mmoja mbili, na wawili moja. Katika cha pili, 60 wametoa tano, 20 nne, 8 tatu, 4 mbili, na 8 moja. Piga hesabu: vyote viwili vinafika 4.2. Cha kwanza kimewaridhisha karibu wote, bila kuwarusha roho. Cha pili kina wanaokipenda kupita kiasi na wachache waliokichukia kabisa, kwa hiyo swali si kama ni kizuri, bali wewe uko upande gani. Jibu liko kwenye maneno ya wale waliokichukia.

Dhana: Nyota moja ni onyo la kukimbia.

Ukweli: Kila oni lina vitu viwili ndani yake, habari na hukumu. Vitenganishe. Wale wanane wa kijiji cha pili, tuseme, wameandika hivi: "Saa tatu usiku kila kitu kimefungwa." "Hakuna muziki, tulichoka siku ya pili." "Barabara ya mwisho ni ya mchanga, teksi haifiki mlangoni." Futa hasira, ibaki habari: usiku ni kimya, hakuna burudani, utabeba begi mwenyewe. Kwa msafiri wetu, mbili za kwanza ni sifa. Ya tatu inategemea uzito wa begi lake na hali ya magoti yake.

Sifa nazo zipitishwe kwenye chekecheo hilohilo. "Pamechangamka mno!" ni nyota tano kwa aliyeandika, na usiku wa kukesha kwa mwingine. Mimi huanza na maoni ya nyota tatu, kwa sababu mwandishi wake hulazimika kueleza kilichompendeza na kilichomkera. Anayetoa tano mara nyingi huishia kwenye "pazuri sana", neno ambalo halinisaidii chochote.

Dhana: Maoni yakipingana, kuna mmoja anayedanganya.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hupotea. Mmoja kaandika: "Tuliogelea mlangoni asubuhi zote." Mwingine: "Bahari ilikimbia, tulitembea mbali kwenye matope kuifuata." Wote wanaweza kuwa wakweli. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja maji ya bamvua: hujaa juu na kupwa mbali sana. Kati ya nyakati hizo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa hupungua. Mzunguko huo huchukua takribani wiki mbili. Aliyekaa siku tatu ameona kipande tu cha mzunguko, akadhani ameiona bahari yenyewe. Tena saa za kujaa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo asubuhi ya Jumatatu si asubuhi ya Ijumaa.

Pale ambapo ufuo umelala tambarare, maji yakipwa huweza kurudi nyuma mamia ya mita. Penye mteremko mkali hutaona tofauti kubwa hivyo. Kwa hiyo tafuta picha zilizopigwa na wageni maji yakiwa yamepwa, kisha linganisha tarehe zako na jedwali la kupwa na kujaa. Angalia pia mwandishi alisafiri lini. Tarehe ya kuchapisha haitoshi, maana mtu aliyeandika Agosti huenda alikwenda Aprili. Majukwaa mengine huonyesha mwezi wa safari pembeni.

Dhana: Maoni yakiwa mengi na nafasi ikiwa ya juu, hakuna udanganyifu.

Ukweli: Mwaka 2017 mwandishi Mwingereza Oobah Butler aliufikisha mgahawa usiokuwepo, The Shed at Dulwich, kwenye nafasi ya kwanza kati ya migahawa ya London katika Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, akitumia maoni ya kubuni. Wingi si kinga. Oni linalotaja kitu unachoweza kukihakiki, kama vile hatua ngapi hadi majini, dirisha linatazama wapi au jenereta inawashwa saa ngapi, lina uzito kuliko kumi yanayosifu "ukarimu wa kipekee".

Msafiri wetu alichagua kijiji cha pili, akasogeza safari mbele siku sita ili asiangukie bamvua, na akaacha begi kubwa nyumbani.