Hiyo siyo fonti: kuhusu majina ya mapambo kwenye simu

Kila wiki kuna mtu kwenye grupu la wauza mazao anauliza "naomba apu ya kubadilisha fonti ya jina", na kila wiki anajibiwa na watu kumi wanaomtumia linki ya saiti ileile, ananakili, anabandika, jina linatokea na mikunjo kama kadi ya harusi na wote wanaridhika. Mimi nimevumilia sana hili neno fonti lakini sasa naomba nilieleze, kwa sababu likishaeleweka vibaya ndipo mtu anashindwa kuelewa kwa nini wateja hawamuoni.

Jina la kuonyesha ni lile jina unalojiandikia mwenyewe ili watu wakuone nalo, kwa mfano lile linalotokea kwenye grupu la WhatsApp likitanguliwa na ka-alama ~ kwa mtu ambaye hajasevu namba yako, au lile jina jeusi linalokaa juu ya maelezo yako Instagram. Siyo yuzaneimu. Yuzaneimu ina sheria zake, Instagram kwa mfano wanakubali herufi za kawaida, namba, nukta na kistari cha chini tu, basi. Jina la kuonyesha limeachwa wazi, unaweza kuweka karibu chochote, na huo uwazi ndio umetufikisha hapa.

Sasa fonti. Fonti ni umbo ambalo simu au kompyuta inaivisha herufi wakati wa kuionyesha. Herufi yenyewe imehifadhiwa kama namba, na hiyo namba haibadiliki hata ukibadilisha fonti mara mia. Ukiandika M kwenye Word ukaiweka Arial, ukaja ukaiweka Times, ile ni M ileile, ukitafuta M utaipata. Fonti ni nguo, herufi ni mtu aliyeivaa.

Hizo saiti za "fonti" hazibadilishi nguo, zinabadilisha mtu. Unaandika M, yenyewe inakupa alama nyingine kabisa yenye namba nyingine kabisa ambayo bahati mbaya kwa macho yetu inafanana na M. Angalia hizi:

```
M    U+004D
𝓜    U+1D4DC
Ⓜ    U+24C2
ᴍ    U+1D0D
🅼    U+1F17C
```

Hizo namba za kulia ni za Unicode, yaani ule mfumo mmoja wa dunia unaompa kila herufi na kila emoji namba yake ili simu ya Tukuyu na simu ya Tokyo zielewane. Wewe unaona M tano, simu inaona vitu vitano visivyo na undugu.

Na hiyo ya pili, yenye mikunjo, ambayo ndiyo inapendwa kuliko zote, haikutengenezwa kwa ajili ya majina. Iliingizwa Unicode mwaka 2001 kwenye kundi la alama za hisabati, kwa sababu kwenye hesabu za juu M ya kawaida na M ya mwandiko zinaweza kumaanisha vitu viwili tofauti ndani ya mstari mmoja, kwa hiyo wanahisabati walihitaji kila moja iwe na namba yake isije ikapotea maandishi yakihamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Ukiandika jina lako kwa herufi hizo, kwa upande wa simu umeandika mlolongo wa alama za hesabu. Na yale mabawa ꧁ ꧂ ambayo kila mtu anafungia jina lake ni alama za maandishi ya Kijava, kule Indonesia, wenyewe wanayaweka pembeni ya vichwa vya habari. Ule "moyo" ღ ni herufi ya Kigeorgia, inasomeka kama gh yetu ya ghala. Hakuna ubaya kuzipenda, ni nzuri kweli, lakini ujue umeshika nini.

Twende kwenye mfano. Tuseme kuna dada anauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, jina lake la biashara ni Neema Mchele, na WhatsApp amejiandika hivi:

```
꧁𝓝𝓮𝓮𝓶𝓪 𝓜𝓬𝓱𝓮𝓵𝓮꧂🔥🔥🌾
```

Mteja yuko Mafinga, wiki jana aliona bei yake kwenye grupu akasevu namba kama ilivyo na jina lake lilivyo. Leo anataka gunia. Anafungua majina anashuka mpaka N, hayupo. Hayupo kwa sababu jina lake halianzi na N, linaanzia kwenye bawa la Kijava, na simu nyingi zitamtupa huko kwenye alama, juu kabisa au chini kabisa ya orodha. Basi mteja anasachi, anaandika "neema". Hapa inategemea. Kuna apu ambazo kabla ya kutafuta zinayapitisha maandishi kwenye kanuni ya Unicode inayoitwa NFKC, kazi yake ni kurudisha alama za namna hii kwenye herufi zake za kawaida, 𝓜 inarudi kuwa M na hata Ⓜ inarudi kuwa M. Apu ya hivyo itampata. Apu isiyofanya hivyo inalinganisha namba kwa namba, n ya kibodi na 𝓝 ya hisabati hazilingani, inajibu hakuna kitu. Mteja hajui habari za NFKC wala hana sababu ya kuzijua, anachojua ni kwamba huyu dada hamuoni, basi anampigia mwingine anayemuona.

Halafu msidanganyike kwamba apu nzuri inamaliza tatizo. Zile herufi kubwa zilizofupishwa kama ᴍ, na zile za kwenye kiboksi cheusi kama 🅼, hata NFKC haizirudishi, kwa mujibu wa Unicode hazina "herufi ya kawaida" ya kurudia. Ukijiandika kwa hizo umejificha hata kwa anayekutafuta kwa bidii.

Kuna na hili la ukubwa. Neema Mchele kwa kibodi ya kawaida ni baiti 12, hilo la mapambo ni baiti 63. Siyo kwamba litamaliza bando, ila sehemu nyingi za kuandika jina zina kikomo, na kuna mifumo inayohesabu kila herufi ya mikunjo na kila emoji kuwa mbili, kwa hiyo jina linakatwa njiani unabaki na mabawa na nusu jina. Na kwa simu ya zamani ambayo haina hizo alama kabisa mteja anaona viboksi vitupu vimepangana. Hata bendera yetu 🇹🇿 ukiifungua kwenye kompyuta nyingi za Windows haitokei bendera, zinatokea herufi TZ tu, maana hiyo emoji imeundwa kwa alama mbili za T na Z zilizounganishwa na Windows yenyewe haina picha za bendera.

Lakini linaloniuma zaidi ni la wasioona. Mtu asiyeona anatumia simu inayomsomea kwa sauti, kwenye Android ni TalkBack. Ikifika kwenye jina la kawaida inasema Neema Mchele, imeisha. Ikifika kwenye la mapambo, kutegemea na sauti aliyoweka, ama inaruka kimya kimya kama vile hakuna jina, ama inaanza kutaja alama moja moja kwa jina lake rasmi, yaani kitu cha maana ya "herufi kubwa ya hisabati ya mwandiko, nzito, N", halafu inayofuata hivyohivyo, mpaka herufi zote 11 ziishe, halafu moto, moto, shuke la mpunga. Na kwenye grupu jina linasomwa kila ukituma meseji. Fikiria umetuma bei ya madebe matano kwa meseji tano.

Kwamba jina la mapambo linakufanya uonekane si mtu makini ni suala la ladha kwa sehemu, sitaki kulikomalia sana, ila kwenye biashara lina sababu yake. Mteja akikutumia hela kwa simu linatokea jina ulilosajilia laini, limeandikwa kwa herufi za kawaida kabisa. Analiweka pembeni ya jina la WhatsApp aone kama ni mtu mmoja kabla hajabonyeza kuthibitisha, na ukimpa mabawa na moto unamnyima kitu cha kulinganisha. Na matapeli nao wanazipenda hizi alama kwa sababu hiyohiyo, jina linafanana kwa macho lakini mfumo hauoni kuwa ni jina lilelile. Vilevile wale wanaoweka ✅ mwishoni mwa jina ili ionekane wamethibitishwa, tiki ya kweli inawekwa na apu nje ya jina, iliyo ndani ya jina umeiandika wewe, na anayejua akiiona anaanza kukutilia shaka kwa jambo ambalo pengine hukulikusudia.

Sisemi emoji zife. Emoji moja mwishoni mwa jina, baada ya herufi za kawaida, haivunji chochote: Neema Mchele 🌾 inakaa kwenye N, ukisachi neema inakuja, TalkBack inasema jina halafu inataja shuke, na kati ya kina Neema sita kwenye grupu inasaidia kujua huyu ni wa mchele. Ikianza emoji ndipo mambo yanaharibika, na ikiwa katikati ya jina ni vibaya zaidi maana inavunja neno. Kwenye grupu la ukoo au la mliosoma pamoja jiiteni mnavyotaka, kule hakuna anayekutafuta kwa kusachi.

Kujua kama jina lako lina shida usiliangalie, maana macho ndiyo yanayodanganywa. Mpe mtu aliyekusevu kwa jina hilo, mwambie akutafute kwa kuandika herufi za kibodi yake bila kunakili. Asipokuona, futa jina lote mpaka pabaki patupu, usifute kidogo kidogo, kwa sababu baadhi ya emoji zinabeba alama zisizoonekana ambazo zinaweza kubaki ukafikiri umesafisha. Kisha andika upya kwa vidole vyako.

Na kama unachotaka kwa kweli ni ule mwandiko wenye mikunjo, basi hiyo ndiyo fonti, na mahali pake ni kwenye picha ya prufaili. Nenda kwa kijana yeyote anayetengeneza mabango pale Kabwe, mwambie akuandikie Neema Mchele kwa mwandiko wa harusi kabisa, na mabawa akuwekee ukitaka. Yeye atabonyeza M ya kibodi halafu atachagua fonti.