Umetolewa kwenye kifurushi cha familia cha Google: picha zako ziko wapi?

Mwanafunzi mmoja alifika kwenye dawati letu la TEHAMA chuoni akilalamika kwamba barua pepe zimeacha kuingia tangu juzi. Tulifungua ukurasa wa one.google.com/storage tukaona anatumia GB 47 wakati haki yake ni GB 15. Kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa analipia Google One ya familia, yaani nafasi ya pamoja ya kuhifadhi vitu mtandaoni, alikuwa amemwondoa kwenye kundi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Picha zangu za mama ameshazifuta?"

Hakuzifuta, na hawezi. Katika kifurushi hicho kila mtu ana akaunti yake na GB 15 zake za bure. Zikijaa ndipo anaanza kula nafasi ya pamoja. Mlipaji anaona kila mmoja ametumia nafasi kiasi gani, lakini picha na barua za mwenzake hazioni. Akikutoa, vitu vyako vinabaki palepale, ila unarudi kwenye GB 15. Ukiwa umezidi, huwezi kupandisha faili wala picha mpya, Gmail haitumi wala haipokei, na bakapu ya WhatsApp kwenye simu za Android inakwama. Barua zinazokuja wakati huo humrudia aliyetuma, kwa hiyo usizisubiri baadaye. Ukikaa umezidi kwa miaka 2 bila kupunguza, Google inaweza kuvifuta.

Nafasi ya huyu kijana ilikuwa imeliwa hivi: picha na video GB 31, bakapu ya WhatsApp GB 9, Drive GB 5, Gmail GB 2. Alipaswa kuondoa GB 32, na alikuwa ameshaanza kufuta picha kwa pupa. Nikamshika mkono. Mwaka uliopita alibonyeza "Free up space" ili simu ipumue, na kitufe hicho hufuta nakala ya kwenye simu kwa picha zilizokwisha kupanda mtandaoni. Kwa hiyo picha zake nyingi za zamani zilikuwa na nakala moja tu duniani, na ndiyo aliyokuwa anaifuta. Bahati nzuri picha iliyopanda mtandaoni hukaa kwenye kikapu cha taka siku 60, tukazirudisha.

Kisha tukaingia takeout.google.com kwa kompyuta, ukurasa wa Google wa kupakulia nakala za vitu vyako. Kule kila kitu huja kimewekewa alama ya kuchaguliwa, hivyo tulibonyeza "Deselect all" tukachagua Google Photos peke yake. Tulichagua zip za GB 2, kwa sababu flashi nyingi za mtaani zimeumbizwa kwa FAT32, na hiyo haipokei faili moja inayofika GB 4. Tusingeweza kuzipeleka zip hizo Drive, maana Drive ndiyo hiyo iliyojaa. Tukachagua kutumiwa kiungo kwa barua pepe. Hapa ndipo wengi wanapokwama: barua pepe yenyewe haipokei! Usiisubiri. Rudi kesho yake kwenye ukurasa uleule wa Takeout, utakuta zip zako zinakungoja. Zinakaa takriban siku 7 tu, basi pakua mapema, na kwa GB 31 tafuta Wi-Fi badala ya kuunguza bando.

Zilipatikana zip 16. Tulizifungua zote, kwa sababu zip iliyokatikia njiani hujulikana pale inapokataa kufunguka. Tukacheza video chache za mwaka 2021, tukanakili kwenye diski ya nje na kwenye kompyuta ya dada yake. Ndipo tulipofuta video kubwa mtandaoni na kuondoa video kwenye bakapu ya WhatsApp. Kumbuka kumwaga taka za Drive na Gmail, maana nazo zinahesabiwa.

Faili ambazo kaka alimshirikisha ni jambo jingine. Zile ni za kaka, zinakula nafasi ya kaka, na kutolewa kwenye familia hakuzifungi. Ila siku akizifuta au akiondoa ruhusa, zimekwenda. Fungua unayoihitaji na utengeneze nakala yako. Picha za albamu ya pamoja zihifadhi kwenye maktaba yako.

Ukitolewa kwenye Netflix ya mwenzako, mambo ni mepesi zaidi: "Transfer Profile" inahamisha orodha yako na historia ya ulivyotazama kwenda akaunti mpya. Vilivyopakuliwa havihami.

Hayo yote ni kwa mwenye akaunti yake. Kama simu ulinunuliwa na ndugu akaiwasha kwa barua pepe yake, na wewe ukaendelea kupigia picha humo, hizo picha zimo kwenye akaunti yake. Akibadilisha nenosiri, unabaki nje. Nenda Settings, sehemu ya akaunti, usome jina lililoandikwa pale. Kama si lako, hamisha leo wakati bado mnaelewana.