Anakutishia Kusambaza Picha Zako? Usilipe, Wala Usifute Kitu

Tuchukue mfano wa kijana wa Ngamiani, hapa Tanga. Amefahamiana na mtu kwenye programu ya kutafuta wachumba, siku ya pili wakahamia WhatsApp, usiku wa tatu wakapigiana simu ya video na mwenzake akamshawishi avue nguo. Dakika tano baada ya simu kukatika unaingia ujumbe. Ni video yake akiwa uchi, na chini yake picha ya orodha ya wafuasi wake wa Instagram, dada yake na bosi wake wakiwamo. Anatakiwa atume laki tatu ndani ya nusu saa, la sivyo wote wataiona.

Wengi hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hutuma fedha, ama hufuta mazungumzo yote na kumbloku mtu huyo papo hapo. Yote mawili humsaidia tapeli.

Fedha haimalizi jambo, kwa sababu anachouza tapeli ni ahadi usiyoweza kuikagua. Video ni faili, na faili hunakiliwa mara nyingi atakavyo. Kijana akituma laki moja "ya kupunguza", tapeli amejua kwamba hela ipo na hofu ipo, kwa hiyo dai la pili huja, mara nyingi likiwa kubwa zaidi. Tusidanganyane pia kwamba ukikaa kimya ni lazima atakata tamaa. Wapo wanaomtumia video hiyo ndugu mmoja au wawili ili kukuongezea shinikizo. Ndiyo maana usiku huohuo inafaa uwaeleze watu wawili au watatu wa karibu, kwa maneno machache tu: kuna mtu ananitishia kwa picha zangu, mkipokea chochote msifungue wala msisambaze, nipeni jina la akaunti iliyotuma. Dada aliyekwisha kuambiwa si silaha tena mkononi mwa tapeli. Kisha funga orodha ya marafiki na wafuasi wako isionekane na mtu baki.

Nusu saa aliyokupa itumie kukusanya ushahidi. Anza na programu ya wachumba, maana huko ndiko unakopotea mapema. Akivunja muunganisho wenu, mazungumzo hutoweka upande wako pia. Piga picha za skrini za wasifu wake, jina alilotumia, picha alizoweka na mazungumzo yenu yote.

Nenda Instagram au Facebook. Jina la akaunti hubadilishwa kwa sekunde chache, kwa hiyo usitosheke nalo. Nakili linki ya wasifu. Kwenye Instagram fungua pia sehemu iitwayo About this account, ambayo huweza kuonyesha mwezi akaunti ilipofunguliwa na kama imewahi kubadili jina. Piga picha ya ukurasa huo.

WhatsApp iachie muda mrefu zaidi. Fungua maelezo ya mtu huyo mpaka namba yake kamili ionekane pamoja na alama ya nchi. Kama umeihifadhi kwa jina, picha ya mazungumzo itaonyesha jina ulilompa wewe, na jina hilo halithibitishi chochote. Unapopiga picha za mazungumzo, acha ujumbe wa mwisho wa picha moja uonekane juu ya picha inayofuata, ili asitokee wa kudai kwamba katikati pamekatwa. Tarehe na saa zionekane. Ujumbe wa kutazamwa mara moja haukubali kupigwa picha ya skrini, basi upige kwa simu nyingine. Mwisho tumia Export chat kutoa mazungumzo yote kama faili na ujitumie kwa barua pepe. Faili hilo ni nakala tu, kwa kuwa maandishi yanaweza kuhaririwa. Mazungumzo yenyewe lazima yabaki kwenye simu.

Sababu iko kwenye kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Katika kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, mahakama huangalia ulivyotengenezwa na kutunzwa, kama umebaki kamili, na namna mtumaji alivyotambuliwa. Picha iliyokatwa pembeni, bila namba wala tarehe, huyumba kwenye yote hayo. Kwa sababu hiyohiyo usiwatumie watu video hiyo ukisema ni ushahidi. WhatsApp huibana ikipita, na wewe mwenyewe unakuwa umeanza kuisambaza. Iache kwenye simu, imwonyeshe mpelelezi.

Namba aliyotaka fedha ziende ni uzi mzuri sana wa kufuatilia, hata kama hukutuma kitu. Kama ulituma, tunza ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, kisha piga 100 kwa mtandao wako mara moja uwaeleze. Fedha ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu. Lakini usimwanike mtandaoni mtu ambaye jina lake limetokea kwenye muamala. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote.

Hayo yakishakamilika, ripoti akaunti ndani ya kila programu, ndipo umbloku. WhatsApp ikipata ripoti hupokea ujumbe wa mwisho kutoka kwa mtu huyo, usiozidi mitano, kwa hiyo vitisho viwe bado vipo. Kama vimekuja kwa ujumbe wa kawaida wa simu kutoka namba ya hapa nchini, wapelekee pia TCRA kupitia 15040.

Asubuhi nenda polisi na simu yenyewe, kitambulisho, na karatasi uliyoandika matukio kwa mfuatano wa saa. Kwa kijana wetu ni Chumbageni. Aliye Bagamoyo aende kituo cha polisi cha hapo mjini. Ukiona haya kuongea kaunta, omba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto. Eleza kwamba umetishiwa na kudaiwa fedha kwa njia ya mtandao, na usiondoke bila namba ya RB. Simu ikichukuliwa kwa uchunguzi, omba karatasi ya kuipokea iliyosainiwa. Usingoje wiki nzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaruhusu polisi kuagiza data itunzwe, lakini kumbukumbu za mitandao hazikai milele.

Ili kupunguza uwezekano wa picha kupanda mtandaoni, aliyetimiza miaka 18 atumie StopNCII.org. Picha haipakiwi huko. Simu yako huitengenezea alama ya kidijitali, na alama hiyo pekee ndiyo hupelekwa kwa kampuni zilizojiunga, ili picha inayolingana nayo izuiwe. Unahitaji kuwa na picha au video yenyewe, ndiyo sababu nyingine ya kutofuta kile alichokutumia. Mipaka yake ni kwamba haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, na picha iliyobadilishwa inaweza kupenya. Aliye chini ya miaka 18 atumie takeitdown.ncmec.org, na yeye au mzazi wake apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Katika siku zinazofuata, huenda ukafuatwa na mtu anayejiita mtaalamu wa kudukua, akidai kwamba kwa laki mbili atafuta video kwenye simu ya tapeli. Hana njia hiyo. Mara nyingine ni tapeli yuleyule kwa akaunti nyingine. Piga picha ya ujumbe wake pia, uupeleke kwa mpelelezi ukitaja namba ileile ya RB.