Nani kakwambia mwaka wako unaanza Januari?

Mwezi huu nimeletewa chati tatu za mauzo kutoka kwa wafanyabiashara watatu wasiofahamiana: mmoja wa Mtwara mjini, mmoja wa Masasi, mmoja wa Nachingwea. Zote zina kosa lile lile. Mhimili wa chini una miezi, kuanzia Januari upande wa kushoto hadi Desemba kulia. Kila mwaka una mstari wake wenye rangi yake, na wote watatu wakaniuliza, "Mtaalamu, mbona msimu hauonekani?" Nimechoka kulijibu swali hili kwa simu, ndiyo maana naandika.

Dhana: Mstari wa mwaka lazima uanze Januari na kuishia Desemba.

Hii ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu kalenda ya ukutani haijui lolote kuhusu fedha ya kusini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Minada ya korosho huanza kama Oktoba na kuvuka mwaka mpya. Fedha ikishaingia kwenye akaunti za wakulima, ndipo watu wanaponunua bati, pikipiki, godoro na simu. Kwa hiyo kilele cha biashara nyingi za Mtwara kinakaa juu ya tarehe 31 Desemba, palepale unapopitisha kisu. Ukikata hapo, mstari mmoja unabeba mkia wa msimu uliopita upande wa kushoto na kichwa cha msimu mwingine upande wa kulia, na katikati pana bonde refu. Chati inafanana na bakuli. Mwenye duka anaona vilima viwili vidogo pembeni, wakati alichonacho ni mlima mmoja uliopasuliwa.

Chukua huyu wa Masasi, anayeuza vifaa vya ujenzi. Tarakimu nimezisawazisha kidogo asije akajulikana, lakini umbo lake ndilo. Tutazame bati tu, kwa idadi ya vipande, Oktoba hadi Februari, maana miezi mingine kwake ni mikavu.

Msimu wa 2021/22: Oktoba 180, Novemba 420, Desemba 500, Januari 300, Februari 120.

Msimu wa 2022/23: Oktoba 70, Novemba 200, Desemba 400, Januari 480, Februari 260.

Msimu wa 2023/24: Oktoba 190, Novemba 430, Desemba 510, Januari 310, Februari 110.

Sasa yeye alichora kwa kalenda. Mstari wake wa 2022 ulikuwa na Januari na Februari za msimu wa kwanza, kisha Oktoba, Novemba na Desemba za msimu wa pili. Ukijumlisha unapata bati 1,090. Mstari wa 2023 ukabeba Januari na Februari za msimu wa pili pamoja na miezi mitatu ya mwanzo wa msimu wa tatu: bati 1,870. Akanionyesha kwa furaha: mstari wa 2023 uko juu ya ule wa 2022 kila mahali, kushoto na kulia, biashara imepanda karibu asilimia 72. Akaagiza mzigo wa msimu uliofuata kwa kipimo hicho. Nilipofika dukani kwake mwezi wa tatu, bati zilikuwa zimepangwa hadi kwenye baraza, zimefunikwa turubai kwa sababu ya mvua, na deni la msambazaji lilikuwa bado linasoma.

Zijumlishe tena, safari hii kwa msimu. Wa kwanza 1,520. Wa pili 1,410. Wa tatu 1,550. Asilimia 72 imekwenda wapi? Haikuwepo. Kilichotokea ni kwamba katika msimu wa pili wateja wake walichelewa kulipwa fedha ya korosho kwa kama mwezi mmoja, manunuzi yakasogea, na kilele kikahama kutoka Desemba kwenda Januari. Yaani kikaruka uzio wa mwaka. Bati walizopaswa kununua mwishoni mwa 2022 wakazinunua mwanzoni mwa 2023, na kalenda ikaupunja mwaka mmoja na kuupendelea mwingine.

Chora mistari hiyo hiyo ukianzia Julai na kuishia Juni, utaona milima mitatu yenye urefu unaokaribiana, wa kwanza na wa tatu ikikaribia kulaliana, wa pili ukiwa umesogea hatua moja kulia. Hilo ndilo jibu alilokuwa akilitafuta. Kiasi cha kuagiza hakikuhitaji kubadilika. Kilichohitaji kubadilika ni lini lori lipakie, na hilo linategemea wakulima wa eneo lake wanalipwa lini. Katika ile chati ya bakuli huwezi kuliona hata ukikodoa macho.

Kwenye Excel ni safu mbili za ziada. Ikiwa tarehe iko `A2`, ya kwanza inakupa mwaka ambao msimu ulianza, ya pili inakupa nafasi ya mwezi ndani ya msimu, Julai ikiwa 1 na Juni ikiwa 12:

```
=YEAR(EDATE(A2,-6))
=MOD(MONTH(A2)-7,12)+1
```

Safu ya kwanza ndiyo inayotenganisha mistari, ya pili ndiyo mhimili wa chini. Mstari uite "2022/23", usiuite "2022", la sivyo baada ya wiki mbili utakuwa umesahau ulichokifanya.

Kabla hujanikimbiza: Julai si sheria. Mwanzo wa mstari unawekwa kwenye mwezi ulio mtulivu kuliko yote, kwa miaka yote uliyonayo. Huyu wa Nachingwea nilimwambia Julai kwa simu bila kufikiri, nikaharibu. Wateja wake wanalima ufuta, na fedha ya ufuta inaingia kuanzia Mei na Juni na kuendelea, kwa hiyo Julai inampasua yeye kama Januari inavyompasua wa Masasi. Kwake tumeanzia Aprili, wakati ufuta bado uko shambani na fedha ya korosho imeshakwisha mifukoni. Kwenye fomula ile `-6` inakuwa `-3` na ile `7` inakuwa `4`. Na kama biashara yako haina mwezi mtulivu hata mmoja, basi huna pa kukata pasipouma. Weka misimu miwili mfululizo kwenye mstari mmoja wa miezi 24 uone kilele kizima.

Dhana: Mstari ulio juu ndio mwaka wenye msimu mkali.

Hapana. Kimo na umbo ni vitu viwili. Bei ya bati ikipanda, mstari wa shilingi utapanda wote mzima hata kama umeuza vipande vile vile. Kwanza hesabu vipande, si shilingi. Pili, ukitaka kulinganisha umbo, gawanya kila mwezi kwa jumla ya msimu wake. Kwa yule wa Masasi, Desemba ya msimu wa kwanza ni 500 kwa 1,520, karibu asilimia 33. Ya msimu wa tatu ni 510 kwa 1,550, asilimia 33 pia. Msimu ni ule ule. Usifanye hivi kwa msimu ambao haujaisha, maana jumla bado huna.

Dhana: Wastani wa miaka yote unatosha, mistari mingi inachanganya macho.

Anayeniambia hivi kwa kawaida ana mistari minane ya rangi nane, kama kanga zilizoanikwa. Ipake miaka ya zamani rangi ya kijivu, nyembamba, na uuache msimu huu na uliopita tu iwe na rangi nzito. Basi. Wastani unaficha hasa kile ulichokuja kukitafuta. Muuza vipuri vya pikipiki wa Mtwara mjini alikuwa na Mei tano: 210, 190, 200, 35 na 205. Wastani wake ni 168, akahitimisha kwamba Mei ni mwezi dhaifu na akapunguza oda. Ukiweka mstari mmoja mmoja unaona minne imeshikamana na mmoja umetumbukia peke yake. Ulikuwa wa 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na mzigo wake ukalala njiani. Hilo ni tukio. Msimu hurudi, tukio halina miadi.

Dhana: Excel itaipanga miezi yenyewe.

Ukiandika majina ya miezi kwa Kiswahili kama maneno ya kawaida, jedwali la muhtasari litayapanga kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Nimeona mtu akieleza kwa dakika kumi kwa nini mauzo "yanaruka baada ya Aprili", na mwezi uliofuata kwenye mhimili wake ulikuwa Desemba. Tumia namba ya nafasi niliyokupa hapo juu, jina la mwezi libaki la kuonyesha tu.

Na miezi ambayo haijafika usiijaze sifuri. Mstari wa msimu huu utadumbukia hadi sakafuni na bosi ataitisha kikao. Ikiwa mauzo yapo `B2`, weka kwenye safu nyingine `=IF(B2="",NA(),B2)`, chora safu hiyo, na mstari utaishia pale takwimu zinapoishia.

Dhana: Kilele kikihama kila mwaka, basi hakuna msimu.

Muuza tende na vitambaa alinionyesha mistari yake akasema haina mpangilio, kila mwaka kilele kinasogea kushoto. Nikamuuliza, "Shehe, Ramadhani ilianza lini 2022?" Mwanzo wa Aprili. Na 2023? Kama tarehe 23 Machi. 2024? Kama 12 Machi. 2025? Mwanzoni kabisa mwa Machi. Akacheka kabla sijamaliza. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo mwezi mtukufu unatembea juu ya mhimili wako na tende zinaufuata. Biashara kama hiyo inachorwa kwa wiki kabla na baada ya Idi, sifuri ikiwa siku ya Idi yenyewe. Mistari yake ya miaka minne ikalaliana vizuri kuliko ya mtu yeyote niliyemchorea mwaka huu, isipokuwa vitenge, ambavyo vilibaki na kilima cha pili kilichogoma kufuata Idi. Hicho ni cha korosho, na kinataka chati yake.