Kalazwa kwa Nimonia, Siku ya Tatu Kachanganyikiwa: Maswali ya Ndugu Wodini

Kamwene sista. Mume wangu kaja na kifua tu, habari za pombe zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye mikono yake inayotetemeka, mama. Ubongo wa anayekunywa kila siku huzoea kufanya kazi huku pombe inautuliza. Pombe ikikatika ghafla, unachachamaa. Na wodini hakuna pombe, kwa hiyo kulazwa kwenyewe ndiko kumemkatia. Simsimangi. Nataka kujua anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho ilikuwa lini, saa ngapi. "Anaonja tu" hainisaidii. Lita tatu za ulanzi na gongo juu yake si kuonja.

Hiyo saa ya mwisho inawasaidia nini?

Ndiyo tunayohesabia. Chukua fundi ujenzi wa Kilolo, mnywaji wa kila siku, aliyetoka kilabuni Jumamosi saa 2 usiku, akalazwa kwa nimonia Jumapili asubuhi. Dalili za kwanza huanza saa 6 hadi 8 baada ya kikombe cha mwisho, hivyo anafika kwetu tayari anatoka jasho, na uji unamwagika kabla haujafika mdomoni. Degedege huja sana kati ya saa 6 na 48. Huyu inampata Jumatatu saa 10 alfajiri, saa 32 zimepita. Shemeji anakimbilia kumtia kijiko mdomoni. Acheni vijiko! Mlazeni ubavu, mtuite.

Jumanne mchana anatulia kidogo, ndugu wanashukuru. Usiku anaokota wadudu wasiokuwepo kwenye blanketi na kuwafokea vibarua wamletee zege. Mapigo ya moyo 138, joto 38.6. Hiyo ndiyo hatua inayoua, na kawaida huja kati ya saa 48 na 96.

Huyu karogwa, au malaria imempanda kichwani. Tunaomba tumtoe.

Hapana. Malaria tunapima, sukari tunapima, kichwa tunakikagua kama alianguka, maana kuwa mlevi hakumzuii mtu kuumwa kingine. Lakini aliyeanza kuweweseka siku ya pili hadi ya nne tangu aache pombe, msimtoe wodini. Si kwa mganga, si kwa maombi, si nyumbani "akapumzike". Wa maombi waje hapa hapa, nitawapa viti. Kila msimu wa ulanzi naona wanaotolewa siku ya tatu, kisha wanarudishwa na bodaboda wakiwa hoi, wamekauka maji, degedege haikatiki. Siku ya tatu ndiyo siku ya kubaki. Msimtoe.

Basi tumletee kidogo kwenye chupa ya soda, atulie.

Hizo chupa nazijua, na harufu yake naijua. Aliyechanganyikiwa akinyweshwa, gongo inaweza kuingia kwenye mapafu. Isitoshe tumeshampa diazepamu, dawa ya kumtuliza, na diazepamu ikikutana na pombe pumzi inaweza kusimama. Dawa tunampa sisi, kwa mdomo au taratibu kwenye mshipa, kwa kadiri ya dalili zake. Kabla ya kila dozi nahesabu pumzi. Zikiwa chini ya 12 kwa dakika, au akiitwa haamki vizuri, dozi inasubiri na daktari anaitwa.

Mbona mnamsumbua kila saa, na taa hamzimi?

Kwa sababu anaweza kubadilika ndani ya saa moja. Natazama mapigo, presha, joto, pumzi, jasho, mtetemo, na kama anajua yuko wapi. Taa inabaki kwa vile gizani kivuli cha stendi ya dripu kwake ni mtu. Kitanda chake kipo karibu na meza yetu, kimeshushwa chini, na ndugu mmoja anatosha, yule anayemsikiliza. Sita mkimzunguka na kubishana, anapanda zaidi. Msimfunge kwa kanga wala kamba: anapigana nazo, joto linapanda, moyo unachoka.

Sindano mnayoiona ikitangulia dripu ya glukozi ni thiamini, yaani vitamini B1. Wanywaji wengi wameishiwa nayo, na glukozi ikiingia peke yake inaweza kuudhuru ubongo. Sukari ikiwa imeshuka hatusubiri, vyote vinakwenda pamoja.

Akitoka, tumfungie ndani wiki nzima aache kabisa?

Akirudia kunywa kila siku kisha mkamfungia, hayo yote yanaweza kumkuta chumbani bila dawa. Akitaka kuacha, mleteni kituoni kabla hajaacha. Na mpokezi aambiwe mlangoni kwamba safari iliyopita alipata degedege na kuweweseka, kwani aliyewahi kupata huwa rahisi kupata tena, na tutaanza dawa mapema.