Mtungi, bomba na geti: jinsi chumba kimoja kinavyofundisha bila neno

Gemu ninayotengeneza sasa ina msichana mmoja na mtungi wa lita 20, ule wa manjano unaouona kwenye kila foleni ya maji Nairobi. Mtungi ukiwa mtupu ni mwepesi na unaelea. Ukijaa unakuwa mzito na unakandamiza chochote kilicho chini yake. Mafumbo yote yanatoka kwenye mambo hayo mawili, na hakuna mahali ambapo maandishi yanamwambia mchezaji la kufanya.

Niliamua hivyo baada ya kukaa na watoto wa ploti yetu wakijaribu toleo la mwanzo. Toleo hilo lilikuwa na vibao vya maelezo, kwanza kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Wote walivifunga kabla hata ya jicho kufika mwisho wa mstari, halafu wakakwama mahali palepale nilipokuwa nimewaeleza. Walikuwa wanasoma vizuri sana, lakini walichosoma ni chumba. Walitazama ukuta, pengo, kitu kinachong'aa. Basi nikaona maelezo yahamie huko macho yao yalipo.

Nitaeleza chumba cha pili peke yake, kwa kuwa ndicho nilichokijenga na kukibomoa mara nyingi kuliko vingine vyote. Kazi yake ni kumfundisha mchezaji jambo moja: mtungi ukiwekwa chini ya bomba linalovuja hujaa, na ukijaa huwa mzito.

Kwanza vipimo, maana bila hivyo chumba hakiwezi kusema kitu. Skrini yangu ni 640×360, na kila kigae ni pikseli 32, kwa hiyo mchezaji anaona vigae 20 kwa upana na 11 hivi kwa kimo. Urefu wa kuruka unatokana na kasi ya kuondoka ardhini na nguvu ya uvutano:

```
h = v*v / (2*g)
480*480 / (2*1200) = 96   # vigae 3
280*280 / (2*1200) = 32.7 # kigae 1
```

Mstari wa kati ni msichana akiwa mikono mitupu au amebeba mtungi mtupu. Wa mwisho ni akiwa amebeba mtungi uliojaa. Nilichagua namba hizi makusudi ili zikae karibu na vigae kamili. Ukuta wa vigae 4 haupandiki hata kwa bahati, na wa vigae 3 unapandika kila mara. Ukimwekea mchezaji ukuta wa vigae 3 na nusu, ataujaribu mara ishirini akidhani tatizo ni kidole chake. Umemfundisha uongo, na utakuwa na kazi ya kuufuta baadaye.

Toleo la kwanza kabisa la chumba changu cha pili lilikwenda hivi. Mchezaji anaingia kushoto, anaokota mtungi, anapita chini ya bomba, anafika kwenye kibao cha kukanyaga, anauweka, geti linafunguka. Kila aliyejaribu alipita. Nilifurahi kwa siku mbili. Kisha wakafika chumba cha nne, kinachotaka mtungi ujazwe kwa hiari, na wote wakabaki wanazunguka. Nikarudia kuwatazama katika chumba cha pili. Mtungi ulikuwa umejaa njiani, wakipita tu, bila wao kujua. Kwa akili yao walikuwa wamejifunza kwamba mtungi wowote ukiwekwa kwenye kibao hufungua geti. Walijibu sahihi na hawakuelewa swali.

Hili ndilo kosa gumu kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu halionekani pale linapotendeka. Mchezaji aliyekwama unamwona. Aliyepita kwa bahati anakutazama na tabasamu. Dalili yake hujitokeza vyumba viwili mbele, na mtengenezaji akikosa umakini ataanza kukirekebisha chumba cha nne, ambacho hakina kosa lolote.

Dawa ilikuwa kubadili mpangilio: shida ionekane kabla ya chombo cha kuitatua. Sasa msichana anaangukia kigae cha 6 kutoka kushoto. Mtungi mtupu uko miguuni pake. Kulia, kigae cha 12, kuna kibao cha kukanyaga, na kigae cha 16 kuna geti. Bomba linavuja kushoto kabisa, kigae cha 2. Vyote viko ndani ya skrini moja, na kamera haisogei. Kamba inaonekana wazi ikitoka kwenye kibao, ikipita juu ya kapi, ikishuka hadi kwenye geti.

Mchezaji huenda kulia, kama wachezaji karibu wote wanavyofanya. Hana jinsi ya kulifikia geti bila kukanyaga kibao. Akikikanyaga, geti linapanda vigae viwili. Akishuka, linaanguka. Hapo chumba kimeshasema sentensi yake ya kwanza: geti linataka uzito, tena uzito unaobaki. Anarudi kuchukua mtungi na kuuweka kwenye kibao. Geti linapanda nusu kigae na kusimama hapo, likitetemeka kidogo. Hiyo ndiyo sentensi ya pili, na ndiyo ninayoipenda zaidi: umeelekea sawa, ila haujatosha. Kama geti lingekaa kimya kabisa, angeitupa fikra ya mtungi na kutafuta njia nyingine. Hiyo nusu kigae inamfanya aendelee na fikra ileile.

Sasa anatafuta uzito. Katika chumba kizima kuna kitu kimoja tu kinachosogea ambacho hajakigusa, nacho ni maji yanayodondoka kushoto. Anapeleka mtungi. Maji yanaingia kwa sekunde mbili, na mlio wake unapanda polepole jinsi nafasi ya hewa inavyopungua ndani. Mtu yeyote aliyewahi kusimama bombani anaujua mlio huo. Mama anaweza kuwa anaongea na jirani, mgongo ameugeuzia mtungi, na bado akafunga bomba kwa wakati. Sikulazimika kuchora kipimo cha ujazo. Kisha anaubeba, na mwendo wake unapungua kwa nusu: vigae kumi alivyovikimbia kwa sekunde mbili sasa vinamchukua nne. Anausikia uzito mikononi kabla hajafika kwenye kibao.

Kuna tundu moja nililoliziba baadaye. Mwanzoni geti lilichukua sekunde moja kufunga. Kutoka kibao hadi geti ni vigae vinne, yaani pikseli 128, na msichana hukimbia pikseli 160 kwa sekunde, hivyo anafika kwa sekunde 0.8. Kijana wa kinyozi, mwenye vidole vyepesi, alikanyaga kibao, akakimbia, akapita chini ya geti bila kugusa mtungi hata mara moja. Sasa linaanguka kwa sekunde 0.5. Kila njia ya mkato kama hiyo katika chumba cha kufundisha ni mwanafunzi aliyetoka darasani dirishani. Katika vyumba vya mbele nimeziacha njia za mkato, na nazifurahia.

Ule msingi wa kukosea bila kuumia ni wa zamani. Katika leveli ya kwanza kabisa ya Super Mario Bros. ya 1985 kuna ngazi mbili zinazotazamana, na katikati yake kuna ardhi. Ukikosa kuruka, unaangukia chini na kupanda tena. Mbele kidogo kuna ngazi nyingine mbili, na safari hii katikati ni shimo la kifo. Mchezaji amefanya zoezi lilelile kwanza bila bei, kisha kwa bei. Chumba changu cha pili hakina kifo chochote kwa sababu hiyohiyo. Anayeogopa kufa hajaribu, na mimi nahitaji ajaribu kuweka mtungi mtupu na kushindwa.

Kumwaga maji kulinipa shida ya aina nyingine. Sikutaka kitufe kipya, kwani kitufe ndicho kitu ambacho chumba hakiwezi kukifundisha vizuri. Wengi wanaocheza huku wanatumia simu, na nina kitufe kimoja tu cha mkono, kinachojitokeza kwenye skrini msichana akikaribia mtungi. Kwa hiyo katika chumba cha tatu mtungi unaukuta tayari umejaa, na mbele kuna kibaraza cha vigae viwili. Ukiubeba unaruka kigae kimoja, huwezi kupanda. Mchezaji hufanya lile ambalo mtu yeyote angefanya na mzigo mzito: anautua. Lakini ardhi iliyo chini ya kibaraza ina mteremko. Mtungi unaanguka ubavu, maji yanamwagika, na akiuokota tena unapanda naye bila taabu. Uamuzi ulikuwa wake, na mteremko nilikuwa nimeuweka mahali pekee ambapo angechoka.

Simu ilinifundisha jambo jingine ambalo sikulifikiria nikiwa kwenye kompyuta. Vidole gumba viwili hufunika pembe za chini za skrini. Kibao changu cha kwanza kilikuwa pembe ya chini kulia, na watu walikikanyaga bila kukiona kikizama. Niliinua sakafu yote vigae vitatu, na tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Ninapojaribisha chumba, nakaa kando na daftari na sisemi kitu, hata nikiulizwa. Ninaandika jambo moja tu: mchezaji anaposimama kwa muda, kisha anakwenda moja kwa moja mpaka kwenye bomba. Kusimama huko na kwenda bila kupapasa ndiko kunakonionyesha kwamba ameelewa. Akifika kwa kuzungukazunguka, chumba bado hakijafanya kazi hata kama geti limefunguka. Akimaliza, namwomba amweleze mwenzake jinsi alivyopita, na hapo uongo wote niliomfundisha hutoka mdomoni mwake.

Keateka wa ploti yetu ndiye aliyenisahihisha katika chumba cha nne, chenye bwawa. Nilikuwa nimepanga kwamba mtungi mtupu unaelea na uliojaa unazama hadi chini kama jiwe. Alicheza, akaona mtungi umezama, akaniambia, "Kijana wangu, mtungi uliojaa hauzami hivyo." Ana haki. Plastiki ya mtungi ni nyepesi kidogo kuliko maji, na maji yaliyo ndani hayana uzito wa ziada ndani ya maji mengine, hivyo mtungi uliofungwa hubaki juujuu, kifuniko kikichungulia. Niligundua pia kwamba waliokuwa wakisita pale bwawani ni walewale waliozoea kuteka maji. Gemu yangu ilikuwa inabishana na mikono yao. Sasa mtungi uliojaa unabaki umelala sawa na uso wa maji, na msichana akiukanyaga unadidimia papo hapo chini ya miguu yake. Mtupu unambeba. Fumbo halikubadilika, ila kusita kule pale bwawani kumekwisha.