Wakala wa ajira amekutafuta na kazini umetulia: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kama huhami, kunyamaza kunatosha.

Ukimya haumwambii wakala kitu. Hajui kama hukuuona ujumbe, umeudharau, au muda tu ndio haujafika. "Nitafute baadaye" nayo haisaidii sana, maana hiyo baadaye haipo kwenye kalenda ya mtu. Anachoweza kukiandika mbele ya jina lako ni mwezi, na aina ya kazi itakayokutoa ulipo. Chukua mhasibu wa Dar es Salaam anayependa kazi yake ila anajua cheo cha juu pale hakitapatikana karibuni. Anaweza kujibu hivi:

"Habari za leo, dada. Asante kwa kunifikiria. Kwa sasa nimetulia nilipo, kwa hiyo nafasi hii sitaiomba. Kuanzia Julai, tukishamaliza ukaguzi wa hesabu, niko tayari kuzungumza kuhusu umeneja wa fedha, hapahapa Dar. Tuwasiliane kwa namba yangu binafsi, si ya ofisini."

Hakuna kuomba radhi wala kumsema bosi. Maneno hayo yakija kuvuja, hayana cha kumwaibisha.

Dhana: Wakala yuko upande wako, mpe kila anachouliza.

Wakala wa nje hulipwa na mwajiri, mara nyingi asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa atakayeajiriwa. Anaweza kuwa muungwana kabisa, lakini mteja wake si wewe. Akiuliza unalipwa ngapi, muulize yeye nafasi imetengewa kiasi gani. Ukimtajia mshahara wa leo, Julai mazungumzo yataanzia hapohapo, hata kama kazi yenyewe ni kubwa zaidi.

Sivi nayo isitoke kabla hujaambiwa jina la kampuni, na mwandikie wazi kwamba asiipeleke popote bila ruhusa yako. Sivi moja ikimfikia mwajiri mmoja kupitia mawakala wawili, wataanza kugombania nani alipwe, na wapo waajiri wanaoona heri wamwache mwombaji kuliko kuingia kwenye ugomvi huo. Wewe hata usijue kilichokukosesha.

Anayekudai hela ya fomu au ya "kushughulikia faili" usimjibu kabisa.

Dhana: LinkedIn ukichagua waajiri tu, ofisini hawatajua.

Alama ya Open to Work, ya kuonyesha kwamba uko tayari kwa kazi mpya, inaweza kuonekana na watu wote, au na wanaotafuta wafanyakazi pekee. Ukichagua hili la pili, mtandao hujaribu kuwaficha waajiri wa kampuni yako, lakini wenyewe wanasema hawawezi kuhakikisha usiri kamili. Wakala anayehudumia kampuni yako anaweza kuiona kama kawaida. Kwa mtu aliyetulia, naona alama hiyo ni kelele za bure. Dada wa Julai ameshajua pa kukupata.